Shukrani ya Kanisa Kambini: Mifuko Mitatu Isiyochanganywa

Na ichukuliwe mfano wa makanisa mawili madogo katika kambi za askari nchini Uganda. Yote mawili yatimiza miaka 25, na yote mawili yana paa linalovuja. Kila moja laita mhubiri mgeni, lapika chakula cha mchana kwa watu 200, na laomba mchango wa kununua mabati. Siku hiyo kila kanisa lapokea fedha taslimu Sh. 2,700,000, na ahadi za Sh. 1,900,000.

Katika kanisa la kwanza msema chochote asimama akiwa na furaha, atangaza kwamba zimepatikana Sh. 4,600,000, na watu wapiga vigelegele. Jumatatu asubuhi mwenye duka la nyama aja kudai fedha zake, mwenye hema aja, na dereva aliyemleta mhubiri angali akingoja. Chakula kimegharimu Sh. 1,200,000 na maandalizi Sh. 500,000. Fedha zote hizo zatolewa katika kapu la mabati, na kapu labaki na Sh. 1,000,000. Mwezi mmoja baadaye paa lingali likivuja, na kila mtu kambini anauliza zile milioni nne na nusu zimekwenda wapi. Hakuna mtu aliyeiba hata senti moja, lakini mhazini hawezi tena kupita mbele ya nyumba za askari bila kunong'onwa.

Katika kanisa la pili mhazini atangaza Sh. 2,700,000 tu. Baada ya siku 60 upande mmoja wa paa umekwisha kuezekwa upya. Tofauti ya makanisa hayo mawili haikuwa ukarimu wa waumini wala ufasaha wa mhubiri. La pili lilikuwa na mifuko mitatu: mfuko wa chakula, mfuko wa maandalizi na mfuko wa paa; na hakuna mfuko ulioruhusiwa kukopa kwa mwenzake.

Kuchagua siku

Jambo la kwanza ambalo kamati hubishania ni tarehe. Kanisa huweza kuhesabu miaka yake tangu sala ya kwanza, tangu jiwe la msingi, au tangu jengo lilipowekwa wakfu. Kanisa la Uganda huhesabu tangu tarehe 30 Juni 1877, wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipofika Buganda. Wakatoliki nao hukumbuka tarehe 17 Februari 1879, Padri Lourdel na Bruda Amans walipotia nanga Kigungu, karibu na Entebbe. Wote wawili wamechagua tukio moja na kulishika. Kanisa la kambini lifanye hivyo hivyo. Ikiwa wazee hawakubaliani, daftari la ubatizo lifunguliwe, na tarehe ya jina la kwanza itumike.

Hata hivyo, tarehe ya kumbukumbu na siku ya karamu si lazima ziwe moja. Askari hupokea mshahara mwishoni mwa mwezi, na katikati ya mwezi nyumba nyingi zinakula kwa daftari la duka. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza baada ya mshahara ndiyo inayofaa. Lakini mshahara huo usiwe ule unaongojewa na shule. Nchini Uganda mihula hufunguliwa Februari, karibu na mwisho wa Mei, na Septemba. Mwezi wa karo mtu hutoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Tena, sehemu za kusini hupata mvua kubwa kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba. Kanisa la pili katika mfano wetu lilipima mambo hayo matatu, likachagua Jumapili ya kwanza ya Julai.

Mhubiri na mfuko wake

Mhubiri mgeni aandikiwe barua miezi miwili kabla, nayo itoke kwa kasisi mwenye madhabahu, si kwa katibu wa kamati. Kasisi ndiye mwenye kujibu kwa wakubwa wake juu ya kila anayehubiri katika kanisa lake, na ikiwa mgeni ni askofu, barua hufuata ngazi zake. Barua itaje siku, saa, somo la siku hiyo, na muda wa mahubiri.

Muda huo ndio unaosahauliwa. Kambini wanakaa watu wa makabila mengi, na mara nyingi mgeni huhubiri kwa Kiingereza au Kiganda huku mwingine akitafsiri kwa Kiswahili. Mahubiri ya dakika 20 hugeuka kuwa ya dakika 40. Mgeni asipoambiwa mapema, atahubiri saa nzima na mkalimani atatia saa ya pili. Watoto watalala, wali utaganda sufuriani, na muda wa mchango utaliwa wote. Aambiwe kwa adabu katika barua: dakika 20 za maneno yake mwenyewe.

Tena ielezwe wazi kwamba ombi la mchango litaendeshwa na mtu mwingine. Mhubiri anapoitwa atoke katika Neno aingie katika kuhesabu fedha, waumini huanza kuyasikia mahubiri yote kama utangulizi wa kuombwa. Wako pia wageni ambao, wakiachiwa nafasi, huomba kwa ajili ya kazi zao wenyewe, na mwenyeji huona haya kuwakatiza. Barua iliyosema neno hili mapema humwondolea kila mmoja fedheha.

Nauli ya mgeni na bahasha yake ya shukrani hupangwa kabla hajafika. Kanisa la pili lilitenga Sh. 150,000 za safari na Sh. 100,000 za bahasha, likaongeza Sh. 150,000 za kukodi hema na Sh. 100,000 za vipaza sauti. Jumla yake Sh. 500,000 ndiyo mfuko wa maandalizi. Wazee na wanakamati 20 waliujaza kwa kutoa Sh. 25,000 kila mmoja, mnamo miezi miwili. Bahasha ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa. Haikungoja kuona kapu limejaaje.

Kambini liko jambo moja zaidi. Mkuu wa kambi aombwe ruhusa kwa maandishi, na orodha ya wageni pamoja na namba za magari yao ipelekwe kota gadi siku mbili kabla. Mzee mmoja wa kanisa asimame langoni tangu asubuhi. Mgeni wa heshima aliyezuiliwa langoni kwa nusu saa kwa sababu jina lake halikuandikwa huanza siku kwa uchungu, na askari wa zamu hana kosa.

Chungu cha watu 200

Mfuko wa pili ni wa chakula, nao ndio unaokula mifuko mingine usipolindwa. Akina mama wa kanisa la pili hawakuanza na bei. Walianza na sahani moja. Walikubaliana kwamba mtu mzima akipewa nyama, ndizi, wali kidogo, maharage na kabichi, humtosha mchele gramu 100, ndizi zilizomenywa gramu 400, nyama yenye mifupa gramu 150, na maharage makavu gramu 50. Ndipo wakazidisha kwa 200.

Mchele ukawa kilo 20, kwa Sh. 5,000 kilo moja: Sh. 100,000. Mkungu mkubwa ukimenywa huacha kilo 12 hadi 15, basi ikahitajiwa mikungu sita ya Sh. 30,000: Sh. 180,000. Nyama kilo 30 kwa Sh. 20,000 ikawa Sh. 600,000, yaani nusu ya gharama yote. Maharage kilo 10 yakawa Sh. 40,000. Kabichi, nyanya, vitunguu, mafuta na chumvi Sh. 120,000, kuni Sh. 60,000, maji ya kunywa Sh. 50,000, na akiba ya dharura Sh. 50,000. Jumla Sh. 1,200,000, au Sh. 6,000 kwa kila sahani. Bei hubadilika kutoka soko hata soko, lakini gramu za sahani hazibadiliki. Mwenye kuandaa aweke bei za kwake mahali pa hizi.

Fedha hizo hazikuombwa siku ya sikukuu. Nyumba 40 zilitoa Sh. 20,000 kila moja, zikapatikana Sh. 800,000. Vitu vya thamani ya Sh. 400,000 vilivyobaki vililetwa vyenyewe: mikungu yote sita, maharage, mboga na viungo vyake, pamoja na kuni. Kila kilichopokewa kiliandikwa kama fedha inavyoandikwa, kwa sababu mkungu usioandikwa hununuliwa mara ya pili.

Nyama nayo ina sharti lake. Katika kambi moja wanaishi Wakristo na Waislamu, na jirani Mwislamu aliyealikwa hawezi kuuliza sahani yake imechinjwa na nani bila kuona haya. Kanisa la pili lilimwomba Mwislamu achinje, na jambo hilo likatajwa katika mwaliko. Vyungu vya nyama hiyo na vijiko vyake havikuchanganywa na vya nyama nyingine yoyote.

Jumamosi jioni maharage yalilowekwa, na ndizi zikamenywa zikawekwa majini. Nyama ilichinjwa alfajiri ya Jumapili, kwa kuwa hapakuwa na barafu ya kuiweka usiku kucha. Moto uliwashwa saa kumi usiku. Ndizi zilifungwa katika majani ya migomba zikapikwa kwa mvuke. Zikikaa juu ya makaa hubaki za moto mpaka saa ya kupakua. Wali ulipikwa mwisho, ibada ilipokuwa inaendelea, kwa sababu wali uliopikwa mapema ukaachwa upoe katika sufuria kubwa ndio huwaumiza watu matumbo. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto.

Wakati wa kupakua, upawa mmoja ulitumika kwa kila chakula, na mtu mmoja alikuwa mlinzi wa nyama. Palipo na wapakuaji wanne wenye mikono minne tofauti, kilo 30 huisha kwenye mtu wa 130. Kabla wageni hawajaketi, sahani 12 zilifunikwa zikapelekwa kwa askari walio zamu. Watoto walifuata, kisha wageni na watu wote.

Kuomba bila kuamuru

Mfuko wa tatu ni wa paa. Jengo la kanisa la pili lina urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Fundi alipima, akihesabu mteremko, kingo za nje na mahali bati linapolalia jingine, akasema yanahitajiwa mabati 100 ya mita tatu. Akashauri geji 28, kwa sababu geji 30 ni jepesi zaidi na upepo hulipinda mapema. Bati moja Sh. 60,000, mabati yote Sh. 6,000,000. Mbao, misumari na kofia za paa Sh. 1,500,000; ufundi Sh. 500,000. Jumla Sh. 8,000,000.

Milioni nane ni neno zito kwa mtu mwenye mshahara wa askari wa kawaida. Kwa hiyo kamati haikuomba milioni, iliomba mabati. Picha ya paa ilichorwa juu ya karatasi kubwa yenye visanduku 100, ikatundikwa mlangoni majuma matatu kabla. Anayetoa Sh. 60,000 hupakiwa rangi kisanduku kimoja. Askari mmoja kijana alisogea akasema, “Mama, bati zima siliwezi mwezi huu.” Mama mhazini akamjibu, “Hata robo ni bati, mwanangu. Tafuta wenzako watatu.” Vijana wanne wakapaka kisanduku kimoja.

Hapo pana hatari ya kambini isiyopatikana kijijini. Afisa akisimama hadharani akatoa kiasi fulani, na msema chochote akaanza kuita majina kwa kufuata vyeo, aliye chini husikia amri badala ya ombi. Atatoa fedha za unga wa nyumbani, na mkewe atajua Jumanne. Kanisa la pili lilikataza kuita majina. Kila mtu alipewa bahasha, na bahasha zote zilikuwa za rangi moja. Wala halikukubali kukata fedha katika mshahara wa mtu kwa orodha iliyoandikwa na mkubwa wake.

Ombi lilifanywa baada ya mahubiri na kabla ya chakula, kwa muda wa dakika 30. Likiwekwa baada ya kula, nusu ya watu wameondoka. Kisha ukafuata mnada wa vitu vilivyoletwa na waumini: kuku, mayai, mananasi, mkungu mmoja. Mnada huchangamsha, lakini ndipo hesabu inapopotea. Kuku hupandishwa hadi Sh. 60,000 kwa kelele na vicheko, na mnunuzi hutoa Sh. 20,000 mkononi akisema nyingine ataleta. Msema chochote ameandika 60,000; kapu lina 20,000. Kanisa la pili liliweka mwandishi mmoja kando ya mnadi. Palipopatikana jambo la namna hiyo, aliandika Sh. 20,000 katika safu ya taslimu na Sh. 40,000 katika safu ya ahadi, pamoja na jina na siku ya kulipa.

Meza ya kuhesabu

Watu walipokuwa wakila, wahesabuji watatu waliketi mahali panapoonekana, mlango wazi. Hawakuwa wa nyumba moja, wala mhazini hakuwa mmoja wao. Yeye alingoja kupokea. Noti zilipangwa kwa thamani zake, kuanzia 50,000 hadi 1,000, kisha sarafu. Mmoja alihesabu, wa pili akarudia, wa tatu akaandika. Kwenye bahasha za Sh. 1,700,000 ziliongezwa fedha taslimu za mnada Sh. 460,000, na zilizotumwa kwa simu Sh. 540,000. Namba ya simu ilikuwa imeandikishwa kwa jina la kanisa, si ya mtu binafsi, kwa kuwa fedha zikiingia katika simu ya mtu hata mwenyewe hushindwa kuzitenga na zake. Jumla ikawa Sh. 2,700,000. Karatasi ilitiwa sahihi na wote watatu, nakala moja kwa kasisi na moja kwa mhazini, na Jumatatu asubuhi fedha taslimu zilipelekwa benki bila kutolewa hata shilingi moja njiani.

Kabla wageni hawajaondoka mhazini alisimama. Alisema kwamba zilizopo mkononi na katika simu ni Sh. 2,700,000, nazo ni mabati 45. Alisema pia kwamba ziko ahadi za Sh. 1,900,000, ambazo bado hazijawa bati. Hapakuwa na vigelegele vikubwa kama vya kanisa la kwanza.

Ahadi hulipwa zikikumbushwa, lakini ukumbusho ufanywe faraghani. Kila aliyeahidi alipewa kikaratasi chenye kiasi na siku, na mzee mmoja aliwapitia baada ya mishahara miwili. Waliohamishwa kambi waliandikiwa. Baada ya siku 60 zilikuwa zimeingia Sh. 1,300,000, Sh. 600,000 hazikuja, na hakuna jina lililosomwa madhabahuni. Mfuko sasa ulikuwa na Sh. 4,000,000, nusu kamili ya gharama. Kamati haikungoja nusu ya pili: ilinunua mabati 50 kwa Sh. 3,000,000, ikatumia Sh. 1,000,000 kwa mbao, misumari na fundi, ikaezeka upande unaopigwa na mvua.

Palipo na msikiti

Msikiti wa kambini hufuata mifuko hiyo hiyo, ila sheria yake ina mipaka miwili ya kuangaliwa. Kapu lisipitishwe wakati wa hotuba ya Ijumaa, kwani msikilizaji hutakiwa anyamaze na asishughulike na jambo jingine. Ombi lingoje mpaka sala iishe. Tena zaka isichanganywe na mchango wa jengo. Kurani imetaja makundi manane ya wanaostahili zaka, na wanazuoni walio wengi hawakuhesabu ujenzi wa msikiti humo. Bati hununuliwa kwa sadaka. Kwa hiyo kila mtoaji aulizwe nia yake, na ya zaka ipelekwe kwa maskini kwa daftari lake peke yake.

Katika kanisa la pili karatasi ya visanduku ingali mlangoni. Chini yake imebandikwa karatasi ya hesabu yenye safu tatu: chakula, maandalizi, paa, kila safu na kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Visanduku 50 vina rangi, na 50 bado ni vyeupe. Anayeingia kusali huvitazama akipita, na ikinyesha husikia mwenyewe ni upande gani ambao haujaezekwa.